Mabano Yaliyojaa: Kupangua Rundo la Rejea

Fungua tasnifu ya afya ya jamii katika kurasa za mwanzo, pale mwandishi anapoeleza usuli wa tatizo, na hutakwenda mbali kabla ya kukutana na sentensi ya namna hii:

"Vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto (Alonso na wenzake, 1991; Lengeler, 2004; Mosha na wenzake, 2022; Nevill na wenzake, 1996; Schellenberg na wenzake, 2001)."

Dai lenyewe lina maneno saba. Mabano yanayolifuata yana kazi tano, na kati ya ya kwanza na ya mwisho kuchapishwa imepita miaka 31. Sentensi hii nimeitunga kwa ajili ya makala haya, lakini kazi zote tano zipo, zimechapishwa, na kila moja iliwagharimu watu miaka ya kazi. Kosa halimo ndani yake. Kosa limo katika namna zilivyobanwa pamoja, kwa maana aliyezibana hivyo amemwambia msomaji kwamba zote zinasema jambo moja, kwa uzito mmoja. Nazo hazisemi jambo moja.

Sisi tunaohariri kazi za kitaaluma tunakutana na marundo kama haya kila siku, na wengi wetu tumezoea kuyapita. Naona tumekosea kuyazoea. Rejea ni ahadi kwa msomaji: ukienda pale nilipokuelekeza, utakikuta nilichokuambia. Ukimwelekeza sehemu tano kwa mpigo bila kumwambia kipi kiko wapi, hata mwenye bidii hataenda. Basi tuende sisi kwa niaba yake, tuzifungue kazi hizi tano moja baada ya nyingine, tuone kila moja imekuja kufanya nini ndani ya yale mabano.

Alonso na wenzake walifanya kazi Gambia. Huko watu walikuwa tayari na desturi ya kulalia vyandarua, kwa hiyo watafiti hawakugawa vyandarua vipya. Walivitia dawa ya permethrini vile vilivyokuwapo. Vifo vya watoto wa kati ya mwaka mmoja na minne vikapungua kwa zaidi ya nusu. Matokeo hayo yalipochapishwa katika jarida la The Lancet yalishtua wengi, na yakawa sababu mojawapo ya Shirika la Afya Duniani, kupitia programu yake ya utafiti wa magonjwa ya tropiki, kuunga mkono majaribio makubwa zaidi Burkina Faso, Gambia, Ghana na Kenya. Lakini katika utafiti ule wa mwanzo vijiji vilivyotiwa dawa havikupatikana kwa kura. Vilikuwa ni vile vilivyokuwa tayari ndani ya mpango wa afya ya msingi, vikalinganishwa na vilivyokuwa nje ya mpango huo. Vijiji vya aina hizo mbili huweza kutofautiana kwa mambo mengi mbali na dawa ya chandarua. Utafiti huu, kwa hiyo, unafaa kutajwa na anayeeleza historia: nani alianza, na kwa nini dunia iligeuka kutazama. Haufai kutajwa kama kipimo cha kiasi gani cha vifo chandarua huzuia.

Nevill na wenzake walifanya kazi Kilifi, pwani ya Kenya. Huu ulikuwa mmoja wa yale majaribio makubwa, na hapa kura ilipigwa: baadhi ya maeneo yalipata vyandarua vyenye dawa mwanzoni, mengine yakasubiri hadi jaribio liishe. Vifo vya watoto wa mwezi mmoja hadi miezi 59 vilipungua kwa asilimia 33, na watoto waliolazwa hospitali kwa malaria kali walipungua kwa asilimia 44. Ni ushahidi mzito. Hata hivyo ukisoma zaidi ya muhtasari utaona kwamba watafiti wenyewe walisema upungufu halisi wa vifo ungeweza kuwa popote kati ya asilimia 7 na 51. Asilimia 33 ni kadirio la katikati ya uwanja mpana.

Lengeler hakufanya jaribio lolote kwa ajili ya kazi yake ya 2004. Alikusanya majaribio ya wengine, yale tu yaliyopita mchujo wa mtandao wa Cochrane, akayachambua kwa pamoja. Majaribio matano yalikuwa yamehesabu vifo vya watoto: la Burkina Faso, la Gambia, la Ghana, na mawili ya Kenya, moja likiwa hilo la Kilifi na jingine la magharibi mwa Kenya karibu na Ziwa Viktoria. Jibu lake ni kwamba vyandarua vyenye dawa, vikilinganishwa na kutokuwa na chandarua kabisa, vilipunguza vifo kwa asilimia 17, na kwamba kwa kila watoto 1,000 wanaokingwa, maisha ya takriban watoto 5.5 huokolewa kila mwaka.

Hapa rundo linaanza kujifungua lenyewe. Kilifi imo ndani ya Lengeler. Anayewataja wote wawili katika mabano mamoja kwa dai lilelile anamhesabu shahidi mmoja mara mbili: kwanza anasimama mwenyewe, kisha anasimama tena ndani ya hesabu ya mwenzake. Hakimu akisikiliza watu watano, halafu akagundua kwamba wawili kati yao wanasimulia tukio waliloliona kwa macho ya mtu mmoja, hatasema ana mashahidi watano. Na ule utafiti wa Gambia wa 1991 haumo katika hesabu ya Lengeler kwa sababu ileile niliyoitaja: haukupigiwa kura. Kwa hiyo mwandishi wa sentensi yetu ameweka bega kwa bega kazi iliyochuja na kazi iliyochujwa nje, bila kumwambia msomaji.

Schellenberg na wenzake walikuwa Tanzania, katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Vyandarua vyao havikugawiwa kama sehemu ya jaribio. Viliuzwa madukani na kutangazwa kama bidhaa, kwa jina la Zuia Mbu, katika mradi uliotaka kujua kama familia za vijijini zitanunua na kama ununuzi huo utaokoa watoto. Watafiti walilinganisha watoto waliofariki na watoto walio hai, wakaangalia akina nani walikuwa na chandarua chenye dawa. Waligundua kwamba kulala ndani ya chandarua hicho kuliendana na ongezeko la asilimia 27 katika uwezekano wa kuishi kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Kwa ugumu wa ushahidi, njia hii iko chini ya jaribio la kura, maana familia zilizonunua chandarua huenda zilikuwa na uwezo zaidi au uangalifu zaidi tangu awali, na watafiti hulazimika kurekebisha hesabu kwa ajili hiyo. Lakini inajibu swali ambalo majaribio hayakuweza kulijibu: je, kinga hiyo inabaki chandarua kinapoacha mikono ya watafiti na kwenda kwenye duka la kijiji? Hilo ni swali tofauti na la Lengeler, na jibu lake linastahili sentensi yake lenyewe.

Imebaki kazi ya Mosha na wenzake, ya 2022. Hii ilifanyika Misungwi, mkoani Mwanza, na ni jaribio la kura lililofanywa kwa uangalifu mkubwa. Lakini halikuhesabu vifo. Lilipima maambukizi ya malaria kwa watoto. Tena halikulinganisha chandarua na kutokuwa na chandarua. Lililinganisha aina mpya za vyandarua, vyenye dawa mbili, na vyandarua vya kawaida vyenye dawa ya jamii ya pairethroidi peke yake, ili kujua kipi kinafanya kazi zaidi sasa ambapo mbu wengi wamekuwa sugu. Chandarua chenye klofenapiri kilifanya vizuri kuliko vingine. Ni matokeo muhimu kwa Tanzania nzima. Kwa dai la kwamba vyandarua hupunguza vifo, hayana la kusema moja kwa moja, na mwandishi aliyeyaweka pale ameyabebesha mzigo ambao hayakuubeba.

Basi katika rejea tano, moja ni ya historia, moja imo ndani ya nyingine, moja inajibu swali jingine, moja inapima kitu kingine, na moja tu ndiyo inayobeba dai lilivyoandikwa. Msomaji aliyeona mabano yamejaa alidhani ana nguzo tano.

Sasa tuiandike upya. Tuseme mwandishi wetu anatafiti matumizi ya vyandarua mkoani Morogoro. Anachohitaji kumwambia msomaji ni mambo mawili: kwamba chandarua chenye dawa huokoa watoto, na kiasi gani, na kwamba hilo limeonekana pia katika mazingira yanayofanana na anayoyatafiti yeye. Kwa jambo la kwanza atafute toleo jipya la kazi ya Lengeler, kwa sababu mapitio ya Cochrane huhuishwa: lipo la 2018, la Pryce na wenzake, ambalo Lengeler mwenyewe ni mmoja wa waandishi, na kadirio lake bado ni asilimia 17. Kisha aandike:

"Katika majaribio yaliyofanyika Burkina Faso, Ghana na Kenya, vyandarua vyenye dawa vilipunguza vifo vya watoto kwa takriban asilimia 17 vikilinganishwa na kutokuwa na chandarua (Pryce na wenzake, 2018). Kinga hiyo ilionekana pia nje ya majaribio, katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ambako familia zilinunua vyandarua madukani (Schellenberg na wenzake, 2001)."

Tazama kilichotokea. Rejea zimepungua kutoka tano hadi mbili, lakini maelezo yameongezeka. Msomaji sasa anajua upungufu ni wa kiasi gani, ulilinganishwa na nini, ulionekana wapi, na kwa njia gani. Tazama pia kwamba Gambia haikutajwa katika sentensi ya kwanza ingawa ni miongoni mwa majaribio matano yaliyohesabu vifo. Jaribio la Gambia lililinganisha vyandarua vyenye dawa na vyandarua visivyo na dawa, kwa hiyo halikuingia katika ile asilimia 17. Jambo dogo kama hilo haliwezi kujulikana na mtu aliyesoma kichwa cha makala peke yake. Linajulikana kwa kufungua na kusoma, na ndiyo maana kupunguza rejea huchukua muda mrefu kuliko kuzirundika.

Na kama mwandishi anataka kuzungumzia hali ya sasa, aongeze sentensi ya tatu. Majaribio yale ya vifo ni ya zamani, yalifanyika kabla usugu wa mbu haujaenea kama ulivyo leo. Hapo ndipo Mosha na wenzake wanapoingia, kwa kazi yao halisi: kuonyesha kwamba aina ya dawa iliyomo kwenye chandarua sasa ina tofauti kubwa katika kuzuia maambukizi. Rejea iliyokuwa haina kazi katika sentensi ya kwanza inakuwa na kazi muhimu katika sentensi ya tatu. Sehemu kubwa ya kupangua rundo ni hii ya kuhamisha. Kufuta ni sehemu ndogo.

Upo mtego mmoja katika kuchagua, na ni mbaya kuliko rundo lenyewe. Mwandishi wa pwani ya Kenya anaweza kusema: mimi nitabaki na Nevill peke yake, kwa sababu Kilifi ni kwetu. Ana sababu nzuri ya kuitaja Kilifi. Lakini akiandika tu kwamba vyandarua hupunguza vifo kwa asilimia 33, amechagua jaribio lililotoa kadirio la karibu maradufu ya kadirio la pamoja, akaliacha lile la Ghana lililopata asilimia 17 na la Burkina Faso lililopata takriban 15. Kuchagua kwa kusudi maana yake si kuchagua kinachopendeza. Ukiitaja Kilifi kwa sababu ni ya mahali pako, itaje pamoja na kadirio la pamoja, msomaji aone Kilifi imesimama wapi. Rejea inayokupinga, au inayopunguza ukubwa wa dai lako, ndiyo ya mwisho kabisa kuondolewa katika mabano.

Kwa nini basi watu wanarundika? Sababu ya kwanza ni hofu, na siwalaumu wenye hofu hiyo. Mwanafunzi anajua mtahini atatafuta jina fulani, na asipolikuta atasema hujasoma. Kuweka majina matano ni njia ya kujikinga. Sababu ya pili ni kanuni ambazo vyuo na wasimamizi wengi huzitoa kwa nia njema: rejea ziwe za miaka mitano au kumi ya karibuni. Kanuni hiyo inafaa katika mambo yanayobadilika haraka, lakini ikitumika bila kufikiri ndiyo inayomfanya mwanafunzi atafute utafiti wa 2022 wenye neno "vyandarua" kichwani na kuupachika mbele ya dai la vifo, ili mradi mwaka uonekane mpya. Ushahidi wa vifo ni wa zamani kwa sababu njema. Mara ilipojulikana kwamba chandarua chenye dawa huokoa watoto, haikuwa halali tena kuanzisha jaribio ambalo nusu ya watoto watanyimwa.

Sababu nyingine ni wepesi wa vyombo. Programu za kutunza marejeleo kama Zotero na Mendeley zinamwezesha mtu kuchagua kazi tano kwenye orodha na kuziingiza kwenye sentensi kwa mbofyo mmoja. Zamani, ulipolazimika kuandika kila rejea kwa mkono, uzito wa kuiandika ulikulazimisha ujiulize kama unaihitaji. Na baadhi ya marundo hayakutungwa kabisa na anayeyaandika: yamenakiliwa yalivyo kutoka makala ya mtu mwingine, mpangilio uleule, hata kosa la tahajia lilelile. Mwaka 2003 Mikhail Simkin na Vwani Roychowdhury, watafiti wa Los Angeles, walifuatilia makosa ya uchapaji katika rejea, ukurasa uliokosewa namba na mengineyo, wakaona makosa yaleyale yakirudiwa na waandishi wengi. Kwa hesabu yao walikadiria kwamba ni karibu mmoja tu kati ya watano wanaotaja kazi fulani aliyeisoma kazi yenyewe. Kadirio hilo linaweza kubishaniwa, lakini kosa la uchapaji linalosafiri kutoka makala hadi makala ni ushahidi ambao mhariri yeyote ameuona kwa macho yake.

Madhara yake hayaishii kwenye karatasi. Mwaka 1980 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha barua fupi ya Porter na Jick, ya aya moja. Walikuwa wamepitia kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa hospitalini, na kati ya wagonjwa 11,882 waliopewa angalau dozi moja ya dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, walikuta wanne tu wenye kumbukumbu ya uraibu uliothibitishwa. Barua haikusema lolote kuhusu wagonjwa wanaokunywa dawa hizo nyumbani kwa miezi au miaka. Mwaka 2017 watafiti wa Kanada walihesabu kazi zilizoitaja barua ile, wakapata 608. Zaidi ya asilimia 70 ziliitumia kama ushahidi kwamba uraibu ni nadra, na takriban asilimia 80 hazikumwambia msomaji kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa. Amerika ya Kaskazini ilikuwa imeshaingia katika janga la uraibu wa dawa hizohizo. Yeyote katika mamia yale angeweza kuligundua tatizo kwa kusoma aya moja. Jina likishaingia kwenye mabano pamoja na mengine manne, hakuna anayejisikia ana wajibu wa kulifungua.

Mwandishi anayetaka kupangua marundo yake mwenyewe aanze rasimu ikishakamilika. Akiwa bado anaandika, fikra zitakatika. Achapishe sura kwenye karatasi, azungushie kalamu mabano yote yenye rejea tatu au zaidi, kisha kwa kila mabano achukue karatasi pembeni na kuandika, kwa kila chanzo, sentensi moja: utafiti huu ulimpima nani, wapi, na ulipata nini. Sentensi hiyo iandikwe bila kuangalia muhtasari. Chanzo ambacho hawezi kukiandikia sentensi, hajakisoma vya kutosha. Akakisome au akiondoe. Vyanzo viwili vyenye sentensi moja vinashindana kwa nafasi moja, na abaki mwenye ushahidi mzito zaidi. Chanzo ambacho sentensi yake haifanani na dai lililo mbele ya mabano kimekaa mahali pasipo pake, kama ilivyokuwa kwa Mosha na wenzake.

Nikiandika pembeni mwa rasimu za watu, swali langu huwa fupi: "Nikiifuta hii, dai linapoteza nini?" Jibu likiwa "halipotezi kitu", ifutwe. Jibu likiwa "msomaji hatajua kama imewahi kutokea Tanzania", ibaki, lakini basi sentensi itaje Tanzania. Mara nyingi swali hilo huonyesha kwamba dai lenyewe ndilo lililokuwa jepesi mno. "Hupunguza vifo" haiwezi kupingwa na mtu, kwa hiyo kila utafiti unaonekana kuitosha. "Hupunguza vifo kwa takriban asilimia 17 ikilinganishwa na kutokuwa na chandarua" inadai chanzo maalumu, na vingine vinajiondoa vyenyewe.

Ugonjwa huu haupo kwenye sayansi za afya tu. Katika tasnifu za fasihi ya Kiswahili unajitokeza kwenye sehemu ya kufafanua dhana, ambapo mwandishi hutaja wataalamu watano wa fasihi simulizi katika mabano mamoja kana kwamba wote wanakubaliana. Chukua suala la tanzu peke yake. M. L. Balisidya na M. M. Mulokozi, wote wakiandika katika miaka ya 1980, walizigawa tanzu za fasihi simulizi kwa njia zisizofanana: Balisidya alitaja nathari, ushairi na semi, ilhali Mulokozi alizingatia umbile na muktadha wa utendaji, akafika kwenye mazungumzo, masimulizi, maigizo, ushairi, semi na ngomezi. Mwandishi anayechambua utani wa msibani kwa kutumia mgawanyo wa Balisidya hataona alichoweza kuona kwa mgawanyo wa Mulokozi. Akiwataja pamoja bila kusema anamfuata nani, ameacha uamuzi mkubwa kuliko wote katika sura yake bila kuufanya. Hapa dawa si kufuta jina. Majina yote mawili yabaki, ila yatenganishwe, kila moja na hoja yake, kisha mwandishi aseme anasimama wapi na kwa nini.

Kuna mahali ambapo rejea nyingi ni haki. Mapitio ya kimfumo yanalazimika kutaja kila utafiti uliopatikana, kwa sababu kukamilika ndiko kunakoyapa thamani. Mtu anayedai kwamba jambo limethibitishwa katika nchi nyingi ana haki ya kutaja utafiti wa kila nchi, maana wingi wenyewe ndio dai. Na panapokuwa na mabishano ya kweli, pande zote zitajwe. Hata miongozo ya uandishi haikatai hili. Mwongozo wa APA, ambao vyuo vingi vya Afrika Mashariki huutumia, unashauri kazi nyingi zitosheke na chanzo kimoja au viwili vinavyowakilisha vizuri kila hoja kuu, huku ukikubali kwamba mapitio ya maandiko yanahitaji zaidi. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba nayo inapendelea idadi ndogo ya makala asilia za msingi kuliko orodha ndefu, na inaonya pia kwamba makala za mapitio wakati mwingine haziielezi kazi asilia kwa usahihi. Onyo hilo la pili ni la kuzingatiwa na kila anayechukua ushauri wangu wa kumtaja Pryce mahali pa Nevill: mapitio yatajwe, lakini angalau jaribio moja kati ya yaliyomo lifunguliwe na kusomwa, kuhakiki kwamba limeelezwa sawasawa.

Kuhusu wahakiki wa majarida wanaomtaka mwandishi aongeze kazi zao wenyewe bila sababu ya kitaaluma, nitasema kwa kifupi: mwandishi amjibu mhariri kwa adabu, aeleze kwa nini kazi hiyo haiongezi kitu kwenye dai, na amwachie mhariri aamue.

Vyanzo vilivyoondolewa visitupwe. Vibaki kwenye programu ya marejeleo, na ile karatasi ya sentensi mojamoja ihifadhiwe, maana itahitajika siku ya utetezi wa tasnifu. Siku hiyo mtahini anaweza kuuliza, "Mbona Alonso simwoni humu? Yeye ndiye aliyeanza." Mwanafunzi aliyerundika hatakutana na swali hilo, lakini atakutana na jingine gumu zaidi: "Umemtaja Alonso. Alipata nini?" Mwanafunzi aliyechagua ana jibu kwa maswali yote mawili: "Nimemsoma, Profesa. Alionyesha njia, lakini vijiji vyake havikupigiwa kura, na hapa nilihitaji kadirio la upungufu wa vifo, kwa hiyo nimetumia majaribio yaliyopigiwa kura. Nikiandika historia ya vyandarua nitaanza naye." Kisha mtahini hufungua ukurasa unaofuata.